Seramu iliyofuta madoa kwa siku 7: nisaidieni kuipima tathmini hii kabla sijanunua

Tausi_M

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mshawishi mmoja wa mtandaoni ambaye nimemfuatilia kwa muda mrefu ametoa video kuhusu seramu ya kuondoa madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi kupona. Anaonyesha picha mbili za shavu lake, moja ya siku ya kwanza na nyingine ya siku ya 7, na katika hiyo ya pili madoa karibu yote yametoweka. Anasema seramu ina niasinamidi, arbutini na vitamini C, na anasisitiza kwamba hayo ni maoni yake mwenyewe. Hata hivyo, nilipofungua maelezo yote chini ya video, nilikuta mwishoni kabisa neno “ushirikiano”, pamoja na msimbo wa punguzo wenye jina lake.

Siulizi ninunue seramu gani. Ninachotaka kujua ni namna ya kuipima video yenyewe: ni lipi ndani yake linaweza kuwa ushahidi, na ni lipi la kuweka kando.

Mkaguzi_Huru

Jibu ni fupi. Amelipwa, kwa hiyo video nzima ni tangazo, na tangazo halina ushahidi wowote. Achana naye, nenda kwenye ukurasa wa duka ukasome maoni ya wanunuzi wa kawaida. Hao wametoa fedha zao wenyewe na hawana sababu ya kudanganya. Seramu yenye nyota 4 na nusu kutoka kwa watu mia kadhaa inanitosha mimi kuliko uso mmoja unaong'aa.

Mchanganyaji

Ninafanya kazi ya kutunga michanganyiko ya vipodozi, kwa hiyo mimi pia nina maslahi katika biashara hii, na ni vyema mlijue hilo mapema. Ninakubaliana na Mkaguzi kwamba malipo yanapunguza uzito wa maneno, lakini sikubali kwamba swali linaishia hapo. Mtu aliyelipwa anaweza kusema kweli, na asiyelipwa anaweza kukosea kwa moyo mweupe kabisa. Mimi ningeanza na dai lenyewe: je, jambo analolidai linawezekana katika siku 7?

Doa jeusi linalobaki baada ya chunusi ni rangi iliyozidi ndani ya seli za ngozi. Seli za tabaka la juu huzaliwa chini, hupanda taratibu, kisha hukauka na kubanduka, na safari hiyo kwa kijana huchukua takriban wiki 4. Kwa mtu mzima zaidi huchukua muda mrefu zaidi. Rangi ikiwa imezama chini ya tabaka hilo, kufifia kwake huhesabiwa kwa miezi. Niasinamidi ni kiungo kizuri, na majaribio yaliyoonyesha kwamba inapunguza madoa yalitumia kiasi cha asilimia 4 hadi 5 kwa muda wa wiki 4 hadi 8, tena kupungua kwenyewe kulikuwa kwa kiasi, si kufutika. Kwa hiyo mtu anayeonyesha madoa yaliyofutika kwa siku 7 kwa nguvu ya niasinamidi anadai jambo ambalo ngozi haina muda wa kulifanya.

Yapo mambo ambayo kweli hubadilika ndani ya wiki moja, tena mengine ndani ya dakika. Ngozi kavu ikipata unyevu hutuna kidogo na kuakisi mwanga sawasawa. Wekundu wa chunusi mpya hupungua wenyewe, hata kama hujapaka chochote. Baadhi ya seramu huwekewa maika au titani dioksidi, chembe laini zinazoakisi mwanga, na hizo hung'arisha uso papo hapo hadi utakaponawa. Mshawishi wako anaweza kuwa ameona mng'ao huo kwa macho yake na kuamini kwamba madoa yanaondoka. Kwa hiyo usianze kwa kumwita mwongo. Rudi kwenye picha zake mbili, uziweke bega kwa bega, na utazame vitu ambavyo seramu haiwezi kuvigusa: ukuta ulio nyuma yake, kola ya nguo, meno, kivuli cha pua, mwanga unaoakisiwa machoni. Kama ana baka la kuzaliwa au kidoti cheusi usoni, anza nacho.

Tausi_M

Nimefanya hivyo sasa hivi. Katika picha ya kwanza ukuta una rangi ya maziwa yaliyochujuka, na katika ya pili ni mweupe kabisa. Kivuli kilichokuwa upande wa kushoto wa pua hakipo tena. Ana kidoti kwenye taya ambacho nimekiona katika video zake zote za nyuma, na katika picha ya siku ya 7 kidoti hicho kimepauka karibu kulingana na madoa ya chunusi.

Mchanganyaji

Basi kidoti kimekujibu. Seramu ya niasinamidi haipaushi kidoti cha aina hiyo, kwa hiyo kilichopauka ni picha nzima. Sababu inaweza kuwa taa iliyosogezwa mbele ya uso, kamera iliyoruhusu mwanga mwingi zaidi, au filta. Taa ya mbele pekee inatosha, kwa sababu mwanga unaotoka ubavuni hukuza kila kishimo na kila doa, ilhali mwanga unaopiga uso moja kwa moja huyafuta. Huhitaji kuthibitisha ni ipi kati ya hizo. Ikiwa ukuta na kidoti vimebadilika pamoja na shavu, picha hizo haziwezi kulinganishwa, na haziwezi kutumika hata kumtetea yeye kama alikuwa anasema kweli.

Katika video, simamisha pale mkono unapopita mbele ya uso. Filta nyingi huyumba hapo: ukingo wa taya hutetemeka, au ngozi ya vidole huwa na vinyweleo na mikunjo ilhali ya shavu ni laini kama sahani.

Zuhura_Video

Ninatengeneza video za kulipiwa, ingawa si za ngozi, na ningependa kueleza jinsi kazi hiyo inavyokwenda, kwa kuwa watu wengi hudhani kuna hali mbili tu, ya kulipwa na ya kutolipwa. Kuna anayepokea bidhaa bure bila sharti lolote. Kuna anayelipwa kiasi kilichokubaliwa kwa video moja. Kuna anayelipwa kamisheni kwa kila anayenunua kupitia msimbo wake, na huyu wa tatu ana sababu kubwa zaidi ya kukuhimiza ununue leo kuliko kesho, kwa sababu anafaidika pale tu unaponunua. Mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote tatu kwa pamoja.

Kabla ya kurekodi hupewa maelekezo: maneno ya kutaja, maneno ya kuepuka, na sekunde ambamo chupa lazima ionekane. Mara nyingi kampuni huitazama video kabla haijawekwa hadharani. Baadhi ya mikataba humzuia mtengenezaji kuzungumzia bidhaa za washindani kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mshawishi anaposema kwamba maoni ni yake mwenyewe, inawezekana kabisa kwamba hajasema neno asiloliamini, lakini kasoro alizoziona zimebaki nje ya video. Tausi, msikilize tena na uone kama kuna kasoro hata moja aliyoitaja, iwe ni harufu, kunata au chupa kuvuja.

Jambo jingine ni kutafuta video za watu wengine kuhusu seramu hiyohiyo zilizotoka wiki ileile. Ukisikia sentensi zilezile katika vinywa vitano, umesikia karatasi ya maelekezo ikisomwa. Halafu tazama video zake za miezi miwili baadaye, hasa zile ambazo hazihusu ngozi, uone kama chupa bado iko bafuni mwake.

Mkaguzi_Huru

Haya yote yanathibitisha nilichosema. Someni maoni ya wanunuzi.

Mchanganyaji

Ndugu Mkaguzi, maoni ya wanunuzi yana matatizo yake. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni ya vipodozi ya Sunday Riley, baada ya kuituhumu kwamba kwa karibu miaka miwili viongozi wake, akiwemo mwenye kampuni, waliandika na kuwaagiza wafanyakazi waandike maoni ya sifa kwenye tovuti ya duka la vipodozi la Sephora kwa kutumia akaunti za kubuni. Wafanyakazi walielekezwa hata namna ya kuficha wanakotokea, na waliombwa wabofye kitufe cha kuyakataa maoni mabaya ili yaondolewe. Aliyekuwa akisoma ukurasa ule aliona wanunuzi wa kawaida tu.

Sisemi kwamba kila nyota ni ya bandia. Ninachosema ni kwamba hata maoni ya kweli huandikwa mapema mno kwa bidhaa ya aina hii. Mnunuzi anayeandika siku ya 3 anaweza kukueleza harufu, uzito, kama kifaa cha kutolea kimevunjika na kama ngozi iliwasha. Kuhusu madoa hawezi kukueleza chochote. Kwa hiyo soma maoni ya nyota 2, 3 na 4 yanayotaja muda wa matumizi, na upuuze yale yanayosifu kasi ya usafirishaji. Kwa mambo ya harufu na mguso hata video ya kulipiwa inafaa, kwa sababu hayo hayahitaji muda.

Kidani

Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia seramu inayofanana na hiyo, nayo niliinunua baada ya kuona video. Wiki ya kwanza uso uliniwasha, ukawa mwekundu kuzunguka midomo, kisha nikatoka vipele vidogo shingoni, mahali ambapo sijawahi kuwa na chunusi. Mshawishi alisema kwamba hiyo ni ngozi inajitakasa na kwamba anayeacha katikati hupoteza matokeo. Je, niendelee hadi wiki ya 4 kama mlivyosema hapo juu?

Mchanganyaji

Hapana, dada Kidani. Wiki 4 nilizotaja ni muda wa kusubiri madoa yapungue kwenye ngozi iliyotulia, si muda wa kuvumilia maumivu. Sitisha seramu hiyo, osha kwa sabuni laini, paka kilainishi cha kawaida kisicho na manukato, na vipele vikiendelea au uso ukivimba muone daktari wa ngozi.

Swali lako limegusa sentensi ninayoitilia shaka kuliko zote katika video hizi. Kujitakasa kwa ngozi kupo, lakini hutokana na viungo vinavyoharakisha ubadilikaji wa seli, kama retinoidi na asidi za kubandua ngozi. Chunusi zilizokuwa zikijiandaa chini hutoka mapema, tena pale zinapotokea siku zote, kisha hupungua baada ya wiki kadhaa. Niasinamidi, arbutini na glisirini hazifanyi hivyo. Vipele vinapotoka mahali pasipo na historia ya chunusi, pamoja na kuwasha na wekundu, hiyo inafanana zaidi na ngozi iliyochokozwa au mzio. Mshawishi anayeita kila dhara “kujitakasa” amejitengenezea bidhaa isiyoweza kushindwa: ngozi ikipendeza, seramu imefanya kazi, ikiharibika, seramu inafanya kazi.

Kwa wengine: kabla ya kupaka bidhaa mpya usoni, ipake mara 2 kwa siku kwenye eneo dogo la ndani ya mkono, kwa siku 7 hadi 10. Jaribio la usiku mmoja hukosa athari nyingi, kwa kuwa mzio wa ngozi unaweza kuchelewa.

Tausi_M

Nimefika kwenye ukurasa wa bidhaa na kunakili orodha ya viungo kama ilivyo:

```
Aqua, Propanediol, Glycerin, Dimethicone,
Phenoxyethanol, Carbomer, Parfum,
Niacinamide, Alpha-Arbutin, Ascorbic Acid,
Mica, CI 77891
```

Mbele ya chupa wameandika niasinamidi, arbutini na vitamini C kwa herufi kubwa, lakini hakuna asilimia yoyote.

Mkaguzi_Huru

Hii ninaijua. Tafuta fenoksiethanoli. Kila kilicho baada yake ni chini ya asilimia 1, yaani mapambo tu. Seramu hii ni maji na glisirini. Mjadala umefungwa.

Mchanganyaji

Safari hii umekaribia sana. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kushuka chini hadi kufikia asilimia 1, na vilivyo chini ya hapo vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Fenoksiethanoli ni kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya umekiwekea kikomo cha asilimia 1, na watengenezaji wengi kwingineko hufuata kiwango hichohicho, ndiyo maana tunaitumia kama alama ya mpaka. Niasinamidi ikiandikwa baada yake, tena baada ya manukato, ni dalili nzito kwamba haifiki hata asilimia 1, ilhali majaribio niliyoyataja yalitumia 4 au 5. Vitamini C katika umbo la asidi askobiki kwa kawaida hutungwa kwa asilimia 10 hadi 20, na hapa haionekani kuwa karibu na hapo. Kisha tazama mwisho: maika, na CI 77891, ambayo ndiyo titani dioksidi. Rangi huruhusiwa kuandikwa mwishoni bila kujali kiasi, kwa hiyo nafasi yao haituambii ni nyingi au ni kidogo, lakini kuwepo kwao kunaeleza vizuri ule mng'ao wa papo hapo.

Unapokosea, ndugu yangu, ni kuuita kila kiungo cha chini ya asilimia 1 pambo. Retinoli hufanya kazi katika kiwango hicho, na daktari akikuandikia tretinoini, krimu yake mara nyingi ina asilimia 0.025 hadi 0.1. Ukitumia kanuni yako kwenye krimu ya retinoli, utatupa kitu kizuri. Ni lazima ujue kila kiungo kinahitaji kiasi gani kabla hujasoma nafasi yake kwenye orodha. Na kanuni yenyewe inasimama tu ikiwa mtengenezaji ameandika orodha kwa uaminifu.

Mfamasia_wa_Zamu

Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Mmezungumza kana kwamba dai la siku 7 likiwa la uongo ndiyo hatari. Kazini kwangu ninahofia zaidi pale linapokuwa la kweli. Krimu inayong'arisha madoa na uso mzima kwa siku chache huenda ina haidrokwinoni kwa kiasi kisichotajwa, steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki. Steroidi huleta uso laini na mweupe haraka, na ndiyo maana tathmini zake huwa za shangwe. Shida huanza mtu anapoacha: wekundu, vipele na kuwasha hurudi kwa nguvu, naye huirudia krimu akiamini kwamba ngozi yake inaihitaji, huku ikizidi kuwa nyembamba na mishipa ikianza kuonekana. Zebaki hupenya na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, hata kwa watoto wanaoishi na mtumiaji, na Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, unapiga marufuku vipodozi vilivyotiwa zebaki.

Kwenye video dalili zake huonekana mtu akijua cha kutazama. Chupa haina orodha ya viungo wala anwani ya mtengenezaji, au mshawishi anauza mchanganyiko wake mwenyewe kwenye kopo lisilo na maandishi. Maelekezo yanayokataza krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini ni onyo zito la zebaki. Na mtumiaji anayesimulia kwamba akiiacha siku mbili uso unawaka moto anaeleza steroidi bila kuijua.

Tausi_M

Nashukuru, mfamasia. Hii yangu ina anwani na orodha kamili, kwa hiyo nadhani iko upande wa dhaifu, si wa hatari. Limebaki moja. Chapa nyingine huandika asilimia mbele ya chupa, na mtu mwingine amenionyesha seramu iliyoandikwa niasinamidi asilimia 10. Je, namba hiyo ni ushahidi?

Zuhura_Video

Kwangu mimi inahesabika, kwa sababu kampuni iliyoandika namba imejifunga. Ikigundulika kuwa si kweli, kuna cha kuishtakia. Maneno kama “imejaa niasinamidi” hayamfungi mtu yeyote.

Mkaguzi_Huru

Nani ataigundua? Wewe una maabara nyumbani?

Mchanganyaji

Hapo ninyi wawili mna hoja, na mimi mwenyewe sina msimamo mmoja. Nimeona asilimia zilizoandikwa kwa uaminifu, na nimeona pia kiungo kinachotajwa kwa asilimia kubwa kumbe namba ni ya myeyusho kilimokuja, si ya kiungo chenyewe. Kwa niasinamidi ni rahisi zaidi, kwa kuwa huja kama unga mkavu, na seramu yenye asilimia 10 ni lazima iwe nayo karibu kabisa na maji kwenye orodha. Namba na orodha zikipingana, amini orodha. Asilimia 10 pia si bora mara mbili ya 5, na baadhi ya watu huwashwa nayo.

Kidani

Nimerudi kutoa taarifa. Nilisitisha, na wekundu wa midomoni umepungua, lakini vipele vya shingoni bado vipo. Daktari anashuku manukato na amenipangia kipimo cha mzio kwa kubandika viambato mgongoni, kwa hiyo bado sijui ni kiungo kipi. Nilimwandikia mshawishi chini ya video yake kuhusu vipele hivyo, na maoni yangu hayaonekani tena.

Zuhura_Video

Pole sana. Yaandike pia kwenye ukurasa wa duka, ukitaja muda uliotumia na mahali vipele vilipotoka. Kama kuna mamlaka inayopokea taarifa za madhara ya vipodozi unakoishi, wapelekee na namba ya toleo iliyopigwa chini ya chupa.

Tausi_M

Nimeiandikia kampuni kuuliza mambo mawili tu: seramu ina asilimia ngapi ya niasinamidi, na picha za siku ya 7 zinazotumika kwenye matangazo yao zilipigwa chini ya mwanga uleule au la. Wamejibu swali la tatu ambalo sikuuliza, wakanipa msimbo mwingine wa punguzo. Nimewauliza tena, na hadi watakaponijibu sinunui.